Faili ya Mwisho Ndiyo Inayobaki

Mtu akiniambia nina bahati kwa sababu nafanya kazi nyumbani, natamani nimtukane. Nyumbani gani? Hiki chumba cha ghorofa ya tano, hapa Durban, ambamo umeme unaingia na kutoka bila kubisha hodi? Mimi Antoinette natafsiri vitabu vya afya, Kiingereza kwenda Kiswahili, kwa kampuni moja ya Ulaya ambayo sijawahi kuiona hata mlango. Meza yangu ni ile ya kupigia pasi. Na kwa kazi hiyo nilijipanga, msidhani nilikaa nikimsubiri Mungu anifanyie kila kitu.

Nilinunua betri kubwa, ile nzito yenye mpini kama kikapu. Umeme ukikatika inashika kompyuta na kile kidude cha intaneti mchana kutwa, mradi usiwe mjinga ukachomeka birika. Nilikuwa na laini mbili za simu, za kampuni mbili tofauti, kila moja na bando lake, ili mmoja akilala mwenzake aamke. Na faili ya kazi sikuiacha mtandaoni peke yake. Kila asubuhi niliipakua kwenye kompyuta ili niweze kuandika hata kama hakuna mtandao, kisha niipandishe ukirudi. Lakini ulinzi wangu mkubwa ulikuwa mdogo wangu, Ezéchiel.

Ezéchiel anakaa Bluff, ng'ambo ya bandari, kwenye kachumba nyuma ya nyumba ya watu. Kule kwetu Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu. Hapa analinda magari ya watu kwenye maegesho, kwa sababu karatasi zake za kuishi hapa zimekwisha muda na benki imefunga akaunti yake. Mimi zangu bado ziko hai. Sasa mgao wa umeme, hii load shedding yao, hauwakati watu wote pamoja. Unakwenda kwa maeneo. Kwangu kukiwa giza, kwake kunawaka. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili kwa jina moja, nywila moja, akaunti moja, na yale malipo tulikuwa tunagawana. Mkataba ulisema akaunti ni ya mtu mmoja tu. Eish, mkataba uliandikwa na mtu ambaye taa yake haijawahi kuzimika!

Tulikuwa mwisho wa majaribio. Rhoda, msimamizi wetu kule Ulaya, alikuwa ameniandikia kwamba kitabu hiki cha wauguzi wa watoto wachanga kikitoka vizuri, napewa mkataba wa kudumu, mshahara kila mwezi. Mshahara! Nilimpigia Ezéchiel nikapiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye akasema tu, "Yaya," ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "basi nitaacha magari." Aliisema polepole, na mimi nilijua anavyolichukia lile koti la kijani la walinda magari.

Kitabu chenyewe, kidogo cha kurasa chache, kililetwa Alhamisi alfajiri na kilitakiwa Ijumaa adhuhuri. Mfumo wao hauna kitufe cha kukabidhi. Saa ikifika mlango unafungwa na wanachukua kilichomo. Na ukipandisha faili uliyoandikia nje ya mtandao, inafunika iliyokuwepo yote, sentensi kwa sentensi. Ulipoacha tupu, panabaki tupu. Mfumo haukuulizi ipi ni nzuri. Faili ya mwisho ndiyo inayobaki.

Alhamisi asubuhi umeme ukakatika kwa ratiba, sawa, nimezoea. Saa za ratiba zikaisha, haukurudi. Mlinzi wa jengo akasema kuna waya umeibwa, au umeungua, yeye mwenyewe hajui, ila mtaa mzima umezimika. Nikafanya ninavyofanya siku zote, nikamwandikia Ezéchiel: "Huku giza, pakua faili, shika wewe." Alama ya vema ikabaki moja, yaani ujumbe haujafika. Nikaangalia mtandao wa simu: vijiti viwili, kimoja, hakuna. Nikabadilisha laini. Hakuna.

Hapo ndipo nilipochungulia dirishani nikatazama paa la jengo la mbele. Minara ya kampuni zote mbili imesimama pale pale, bega kwa bega, inakula umeme mmoja na sisi! Ina betri zake, ndiyo, lakini kwa kukatika huku kwa kila siku hazipati nafasi ya kujaa, zinakufa mapema. Miezi yote hiyo nimelipia bando mbili nikijiona mjanja, kumbe nimenunua mwavuli wa pili wenye tundu lile lile. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Basi nikafikiri: Ezéchiel hajapata ujumbe. Alama ni moja. Hatashika. Nikafungua faili niliyokuwa nimeipakua, nikapunguza mwanga wa kompyuta mpaka maandishi yakawa kama moshi, nikazima kila kitu kisichohitajika, nikaandika. Homa ya kichanga, kitovu, maziwa ya mama, jinsi ya kumkumbatia mtoto kifuani apate joto. Niliandika mpaka mgongo ukaniambia basi. Ijumaa alfajiri nikamalizia, nikasoma tena, betri ikiwa imebakiza kidogo. Kitabu kizima kilikuwa tayari. Hakuna mtu duniani aliyejua ila mimi.

Nikafunga kompyuta kwenye kitenge, nikapanda taxi kwenda Clairwood. Kule kwenye maofisi ya malori nina rafiki, Rashida, mzaliwa wa hapa hapa Durban, wazee wao walitoka Zanzibar. Ofisi yao ina jenereta, kwa sababu makontena ya bandarini hayasubiri mtu. Rashida aliponiona na ule mzigo kifuani akasema, "Umezaa lini?" Nikamwambia nisogezee soketi, utani baadaye.

Nikapandisha. Ule mstari wa kijani wa kuonyesha kiasi cha kazi kilichoingia ukatembea mpaka mwisho: asilimia mia moja. Adhuhuri ilikuwa bado. Nikamwandikia Ezéchiel hapo hapo: "Niko kwa Rashida. Kitabu kimeingia chote. Usiguse kitu." Alama moja. Sikujali. Rashida akaniletea chai na samosa, nikala kama mtu aliyetoka jela. Nikaanza hata kupanga mshahara wa kwanza, mimi mpumbavu.

Kilichokuwa kikitokea Bluff nilikijua baadaye kutoka kinywani mwake. Ujumbe wangu wa Alhamisi ulikuwa umemfikia. Ulitoka kwangu kwa pumzi ya mwisho ya mnara, lakini ile alama ya pili haikuwahi kunirudia. Akanijibu, "Sharp, sawa, nimeshika," na jibu lake likakwama njiani. Akapakua faili tupu, akaomba ruhusa kazini, akaanza ukurasa wa kwanza. Zamu ya giza ikafika na kwake. Yeye hana betri kubwa, ana kompyuta yangu ya zamani na kidude cha kuchajia simu. Akaandika kiasi alichoweza, nusu ya kitabu. Asubuhi akateremka kwa miguu kutafuta mtandao, mpaka kwenye kituo kimoja cha mafuta, kompyuta ikiwa na asilimia nne. Alipoupata hakusoma ujumbe wowote. Angesomaje? Asilimia nne, na dada yake yuko gizani, na saa inakimbia. Alifanya kile nilichomfundisha mwenyewe: kwanza okoa kazi, maneno baadaye.

Akapandisha.

Mimi nilikuwa nafuta vidole mafuta ya samosa nilipoona mstari wa kijani umeshuka hadi nusu. Nikadhani ni macho. Nikafungua ukurasa wa nyuma: tupu. Mwingine: tupu. Nikapiga kelele mpaka madereva wakaingia ofisini wakidhani kuna wizi. Nikaanza kupandisha faili yangu upya, na ule mstari unatembea, unatembea, kisha kikatokea kibao kidogo cha kijivu: muda umekwisha, kazi imefungwa.

Ezéchiel alifika Clairwood kwa miguu, ameshasoma ujumbe wangu. Jasho tupu, ile kompyuta ya zamani kwapani. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. "Yaya," akasema, "nilidhani nakusaidia." Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi, naapa, na mimi huwa sikosi, sikuliona. Nikamsogezea kiti.

Rhoda akaandika. Hakuwa mkali, na ndiyo iliyoniumiza. Alisema nusu ya kitabu haipo, lakini anaona faili mbili zilipandishwa, kutoka kompyuta mbili, sehemu mbili tofauti, moja nyuma ya nyingine. Akauliza: kuna mtu mwingine anayetumia akaunti yako? Niambie kilichotokea.

Nikalisoma hilo swali mara mbili. Faili kamili iko mbele yangu, ningeweza kuituma dakika ile. Lakini kueleza kwa nini ziko mbili ni kusema tuko wawili, na kusema tuko wawili ni kufunga akaunti kwa mkono wangu. Rashida akasema, "Sema ukweli tu, huyo mama anaonekana mtu." Nikamtazama Ezéchiel. Alitikisa kichwa: hapana. "Andika hakuna," akasema. "Mimi si kitu pale, yaya. Andika."

Nikaambatisha faili kamili. Nikaandika: hizo kompyuta zote ni zangu, nilikuwa nazunguka kutafuta mtandao, nikachanganya. Hakuna mtu mwingine. Ezéchiel aliketi bega kwa bega na mimi, akisoma neno kwa neno, na nilipobonyeza kutuma nilisikia aibu. Ndugu yangu wa tumbo moja!

Jibu halikuchelewa. Rhoda alisema anasikitika. Mfumo wao unaonyesha akaunti yangu imekuwa ikifunguliwa kutoka maeneo mawili kwa miezi, nyakati nyingine kwa wakati mmoja, na maelezo yangu hayalingani na hayo. Akaunti imefungwa. Mkataba haupo. Nikajua pia kwamba kwa jina langu na karatasi zangu sitapokelewa tena pale, na kwa jina lake hatukuwahi kuwa na mlango.

Chini kabisa aliongeza kitu, nadhani kwa huruma. Alisema amelinganisha zile faili mbili. Ile ya pili, iliyoishia nusu, ndiyo tafsiri nzuri kuliko zote ambazo mimi, Antoinette, nimewahi kuwaletea. Inasomeka kama mtu anaongea na mama mzazi, amekaa kitandani pake. Anasikitika kwamba sikuimalizia.

Rashida akatoka nje, akajifanya anaita dereva. Ezéchiel alivuta kompyuta, akaisoma ile sehemu ya Rhoda, akairudia. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha.

"Yaya," akasema, "hayo maneno ya mwisho, unaweza kunitumia kwenye simu?"

Nikamtumia.