Kifungu Kilichopunguzwa Makali

Hidaya Uwizeye alikuwa na ugonjwa mmoja ambao majirani zake wa Biryogo, mjini Kigali, waliuita adabu. Hawezi kumwambia mtu neno chungu. Mgeni akichelewa saa mbili, ataambiwa ni yeye Hidaya aliyewahi. Kwa jirani hilo ni jambo zuri, kwa mtu mwenye mawifi ni hazina kabisa. Kwa mfasiri wa mikataba ni balaa, ila hakuna aliyewahi kumwambia, na yeye mwenyewe alikuwa akijisifia.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la cherehani la marehemu baba yake. Humo alifasiri vyeti, hati za ndoa, barua za mahakama, na siku hizi zaidi mikataba ya kazi, maana kampuni za Kigali zinaajiri watu waliokulia Tanzania na Kongo, ambao Kiswahili ndicho wanachokisoma bila kukunja uso. Kila ukurasa aliugonga muhuri: imefasiriwa kwa ukamilifu na uaminifu. Bei yake ilikuwa juu kidogo na watu walilipa, kwa sababu ya maneno hayo.

Mwezi wa pili, Kaliza, ofisa wa utumishi wa kampuni moja ya vipuri vya magari huko Gikondo, alimtumia barua ya ofa ya kazi, ya Kiingereza, kwa ajili ya mtunza ghala mpya atakayeanza mwezi wa tatu, akamwagiza huyo mtunza ghala aje kuichukua mwenyewe. Mtu akaja kabla kazi haijaisha. Jina lake Mutsinzi, mrefu, amekulia Karagwe, Kiswahili chake safi na Kinyarwanda chake cha kuchechemea. Akapewa kiti.

"Dada yangu," alisema, "wewe endelea tu. Mimi hata kuiona barua inaandikwa ni raha."

Na kwa kuwa kibanda ni kidogo na mdomo hauna pa kwenda, akasimulia. Kazi ya mwisho alifukuzwa kwa simu. Ya kabla ya hapo alikuta kufuli limebadilishwa. Mkewe Mukunde alikuwa bado Karagwe na watoto, anasubiri kusikia kama safari hii ni kazi kweli au ni hadithi zilezile.

"Nimechoka kufukuzwa, dada," alisema, akacheka, lakini macho hayakucheka.

Hidaya alikuwa amefika kifungu cha sita. Hadi hapo alikuwa ameenda sawa, namba kwa namba. Majukumu yote tisa aliyaweka kwa mpangilio uleule, hata lile la kuhesabu mali Jumamosi. Mshahara aliuandika kwa tarakimu na kwa maneno, akaeleza wazi kuwa ni kabla ya kukatwa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Kifungu cha sita kikasema hivi: muda wa majaribio ni miezi mitatu, ndani ya muda huo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya siku saba, mfanyakazi akionekana hafai, atapewa kwanza tathmini ya maandishi, naye ana siku tatu za kazi kuijibu kwa maandishi, asipojibu itahesabiwa ameikubali, akithibitishwa, notisi itakuwa siku thelathini.

Akamtazama mtu yule aliyeketi na mikono magotini. Sasa hayo yote ya kutofaa na kuvunja, ya nini kwenye barua ya kumkaribisha mtu? Nani anamwandikia bibi harusi habari za talaka? Waingereza bwana, hawana haya. Akaandika: muda wa majaribio ni miezi mitatu, na baada ya hapo mfanyakazi atathibitishwa; mkataba ukivunjwa, upande wowote utatoa notisi ya siku thelathini. Kikasomeka vizuri, laini, Kiswahili cha watu. Akagonga muhuri.

Mutsinzi alisoma pale pale, akafika kifungu cha sita, akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," alisema Mkristo yule, kwa kumheshimu mwenye nyumba. Hidaya alifurahi siku nzima.

Mwezi wa tano haujaisha, Mutsinzi akarudi. Safari hii hakukaa.

"Dada, hawa watu wananionea. Wamenipa notisi ya siku saba, na leo ndiyo ya mwisho. Nikawaambia, karatasi yangu inasema thelathini. Wanasema hakuna kitu kama hicho. Njoo nawe uwaambie. Muhuri ni wako."

Hidaya alijua papo hapo. Hakuhitaji hata kufungua kompyuta. Alichosema ni, "Ngoja nivae viatu." Angeweza kumwambia njiani. Walipanda pikipiki mbili, basi akajipa kisingizio kwamba mtu hazungumzi juu ya pikipiki. Waliposhuka Gikondo, katikati ya kelele za magereji, akajiambia labda Kaliza atakuwa mwelewa. Mwoga hakosi sababu.

Kaliza alikulia Kampala, msichana wa haraka, Kiswahili chake cha kuokota. Alikuwa ameweka barua ya Kiingereza mezani, na ile ya Kiswahili ya Mutsinzi pembeni.

"Madamu, asante kuja. Mimi Kiswahili nasoma polepole, niliamini muhuri yako, sikuangalia," alisema. "Sasa naangalia. Kiingereza iko siku saba. Hii ya huyu iko thelathini. Na kifungu cha kumi, kwa zote mbili, iko: karatasi zikitofautiana, tunafuata ya Kiingereza. Kwa hiyo notisi iko sawa. Hiyo siyo shida yangu." Akamgeukia Mutsinzi. "Shida yangu iko hii: mimi nafikiri umebadilisha ukurasa. Umetoa ya madamu, umeweka ya kwako na muhuri ya uongo. Hiyo si kufukuzwa tu. Hiyo ni polisi."

Mutsinzi hakukasirika hata. Alimgeukia Hidaya kwa uso wa mtu anayejua ana shahidi. "Mwambie, dada."

Na hapo, Mungu amsamehe, Hidaya alinyamaza. Haikuwa muda mrefu, lakini ilitosha Kaliza kuchukua simu, na ilitosha uso wa Mutsinzi kubadilika. Alifikiria kibanda, alifikiria muhuri, alifikiria baba yake angesema nini. Alifikiria kila kitu isipokuwa yule mtu aliyesimama mbele yake. Alipokuja kukumbuka hilo ndipo aibu ilipomshika barabara.

"Ukurasa ni wangu," alisema. "Hajabadilisha kitu. Ni mimi."

"Ulikosea?" Kaliza akauliza.

Mlango huo hapo, umefunguliwa kwa upole. Kukosea ni kwa kila mtu.

"Sikukosea. Nilielewa vizuri kabisa. Niliyaondoa yale maneno."

"Kwa nini?"

"Niliona ni makali."

Kaliza aliweka simu chini, akamtazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyejikojolea. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi, akavuta barua ya Kiingereza. "Basi na ile ya tathmini? Hiyo pia uliondoa?"

"Tathmini gani?" alisema Mutsinzi.

Hidaya alikuwa amesahau. Wallahi, hilo alikuwa amelisahau kabisa. Katika kutoa miiba alitoa na ngao, na hakukumbuka kwamba kulikuwa na ngao. Sauti yake ilitoka kama si yake, akamwambia kilichokuwa kimeandikwa: kwamba kabla ya kuachishwa ilikuwa lazima apewe tathmini, na kwamba alikuwa na siku tatu za kuijibu kwa maandishi.

"Nilipewa karatasi ya Kiingereza," Mutsinzi alisema taratibu. "Nikaambiwa inasema betri zimepungua ghalani. Nikamwambia bosi wangu, betri hazijapotea, zilirudishwa kwa aliyetuuzia, zilikuwa mbovu. Ninazo picha za gari likipakia. Akasema sawa. Nikajua yameisha."

"Uliandika?" Kaliza akauliza.

"Niandike nini? Nilimwambia kwa mdomo. Sikujua natakiwa kuandika!"

Alitoa simu, akaonyesha. Gari, betri, mtu wa muuzaji anasaini. Kaliza alizitazama picha moja moja, na safari hii alikuwa yeye anayekwepa macho. "Hii ingeletwa kwa hizo siku tatu," alisema, "ningeifuta mimi mwenyewe. Sasa mkurugenzi amesaini, na mtu mwingine ameshapewa kazi, anaanza kesho. Nitaandika kwa faili yako kwamba hukuiba. Na unaweza kwenda kwa mkaguzi wa kazi, hiyo ni haki yako. Lakini atauliza swali ile ile: ulijibu?"

Walitoka nje. Malori yalikuwa yanarudi nyuma kwa milio, na mtu hawezi kusema kitu cha maana bila kupaza sauti. Hidaya alipaza. Alisema atamlipa mshahara wa mwezi mzima. Alisema atakwenda naye kwa mkaguzi, atatoa ushahidi, hata wakimnyang'anya muhuri.

"Utakwenda, ndiyo," alisema Mutsinzi. "Hilo halikufanyi mwema." Alisimama akifikiri. "Nieleze kitu kimoja. Siku ile uliponiangalia, uliona nini? Mimi nimefukuzwa mara mbili na sikufa. Kusikia siku saba kungeniua?"

"Nilikuhurumia."

"Hukunihurumia. Uliniona mtoto. Mtoto ndiye anayefichwa."

Hidaya angepigwa kofi angeshukuru.

"Na mimi kwa karatasi yako nilimwita Mukunde," akaendelea. "Akauza mbuzi, akauza vyombo, akaja na watoto. Tumepanga nyumba Batsinda. Tangu jana ananiuliza nimefanya nini, na kila ninachomwambia haamini, maana anajua siku thelathini. Aliisoma mwenyewe. Anadhani nimeiba, naficha."

Akabonyeza simu, akaiweka sauti ya juu, akamnyooshea Hidaya. Mwanamke aliitika upande wa pili, na nyuma yake mtoto alikuwa anaimba.

"Wifi yangu, habari za huko," Hidaya alianza. "Hamjambo na watoto? Mimi ni yule dada mfasiri wa Biryogo. Sasa unajua dunia ina mitihani, na wakati mwingine..."

"Usizunguke," alisema Mutsinzi.

Hidaya akafumba macho. "Mumeo hakuiba. Barua ya kazi ilisema siku saba, mimi nikaandika thelathini kwa makusudi. Ilimpa nafasi ya kujitetea, nikaifuta. Angejitetea angebaki. Ni mimi."

Mtoto aliendelea kuimba. Kisha Mukunde akauliza, sauti ndogo, kama anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, "Kwa hiyo kazi hana?"

Maneno laini yalikuja yote kwa pamoja, yakajipanga mdomoni: inshallah, Mungu atafungua, tutaona, usivunjike moyo. Mutsinzi alikuwa anamtazama mdomo.

"Hana," alisema Hidaya.