Mikorosho Mia Tatu ya Mzee Gyabaah

Mvua kubwa ya kwanza iliupiga mji wa Wenchi, Ghana, alfajiri ya Jumatatu, na jua lilipochomoza Adoma alikuwa tayari kitaluni, miguu imejaa tope, anapita kati ya safu za miche kama mtu aliyepoteza kitu. Hakuwa amepoteza chochote. Alishindwa tu kukaa.

Saa moja simu ikalia. Alikuwa Mzee Gyabaah.

"Binti, mashimo yamelowa mpaka chini," alisema bila salamu. "Jumatano nakuja na trekta. Mikorosho yangu mia tatu iwe tayari. Usije ukaniambia hadithi."

"Hakuna hadithi, Mzee. Ipo, inakusubiri."

Ilikuwepo kweli. Ilisimama katika viriba vyake vyeusi vya plastiki, safu kumi na mbili, imebebeshwa vikonyo, yaani kila mche umeunganishwa na kijiti kilichokatwa kutoka mikorosho mizuri ya kituo cha utafiti, majani mapana yanang'aa kwa maji ya mvua. Kaka yake Takyi aliipanda Januari, akaibebesha mwishoni mwa Machi kwa mikono yake mwenyewe, mche kwa mche, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wiki ya pili ya Aprili akaanguka kwa homa ya manjano, na kabla wiki haijaisha wakamzika. Oda ya Mzee Gyabaah aliichukua Takyi. Adoma aliirithi pamoja na bomba la kumwagilia na kisu cha kubebeshea ambacho hajui vizuri kukitumia.

Baba yao mdogo, mwenye kiwanja, alikuwa amesema neno lake siku ya arobaini, mbele ya watu. "Mvua hizi ndizo mtihani. Kitalu kikiuza, kaa nacho. Kisipouza, fundi wa matofali amekwisha niuliza mara mbili." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya viazi vikuu sokoni, na hilo ndilo lililomkera Adoma zaidi.

Kwa hiyo alimwagilia. Asubuhi na jioni kwa miezi miwili, pale mvua zilipochelewa, alichota maji kisimani. Aling'oa magugu. Aliondoa maotea yaliyochipua chini ya kiungo, maana Takyi alimwonyesha kwamba hayo ni ya mti wa chini, yakiachwa yanaumeza mti wa juu. Kiungo kilipopona alifungua utepe wa plastiki taratibu, kama anayefungua kidonda cha mtoto. Kitu kimoja tu hakukigusa: safu zenyewe. Takyi alizipanga kwa kamba, zimenyooka kiasi kwamba ukisimama upande wa barabara unaona hadi ukutani. Adoma alifagia kuzunguka viriba, akamwagilia juu ya viriba, lakini hakukihamisha hata kimoja. Vilikuwa mahali alipoviweka Takyi.

Asubuhi ile alitaka kuanza kuvipanga karibu na barabara ili trekta lipakie upesi. Aliinama, akashika kiriba cha kwanza kwa mikono miwili, akanyanyua.

Kiriba hakikuja.

Alidhani tope limekinasa. Akavuta kwa nguvu zaidi, na chini yake pakasikika sauti ndogo, *tap*, kama uzi mnene unaokatika. Kiriba kikamfuata mikononi. Alikipindua. Kwenye tundu la chini kulining'inia kipande cha mzizi mweupe, kinene kama penseli, kimechanika. Kipande kingine kilibaki ardhini.

Alikiweka kando, juani, akaenda kwenye cha pili. *Tap.* Cha tatu. *Tap.* Akaacha.

Mpaka saa tano ile miche mitatu ilikuwa imelegeza majani kama masikio ya mbuzi anayeumwa.

"Wee! Hiyo imefanya nini?" Ni Mansah, jirani yake wa kiwanja cha pili, anayeuza maua: haibiskasi, bogenvilia, na mimea ya kupandwa kwenye makopo mbele ya benki. Alikuja akitafuna muwa, akatazama miche, akatazama matundu ya ardhini. Akaacha kutafuna. "Adoma. Hukuwa unaihamisha?"

"Kuihamisha wapi?"

"Popote! Hatua moja huku, hatua moja kule. Kila baada ya wiki mbili unakinyanyua kiriba, mzizi unaotoka unakatika ungali uzi, mti hata haujui. Mkorosho ndio mbaya kuliko yote, mzizi wake mkuu unakwenda chini kama mwizi. Kaka yako hakukwambia?"

"Aliniambia mengi." Adoma alijipangusa mikono kwenye nguo yake nyeusi. "Labda aliniambia. Mimi sikutaka kuvigusa, dada. Alivipanga mwenyewe."

 Mansah alitema makapi ya muwa pembeni.

"Haya, nisikilize. Jumatano asubuhi mwagilia mpaka ardhi iwe uji. Chukua panga, pitisha chini ya viriba, kata yote. Trekta likifika pakia haraka. Sasa maji ni mengi, wingu lipo, itakaa kijani siku mbili, tatu. Ikinyauka, iko shambani kwake. Atasema ni mchwa."

"Na wewe utasema nini akija kuniuliza?"

"Mimi nauza maua, mimi sijui mikorosho." Alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. "Usinitazame hivyo. Nakuambia wanavyofanya watu, sijakuambia mimi nafanya."

Siku ile nzima Adoma hakuketi. Alipita safu moja baada ya nyingine akivuta kila mche kidogo, kwa vidole viwili tu, kusikia kama unashika ardhi. Ulishika. Ulishika. Ulishika. Safu tatu za ukutani ndizo zilizokuja bila ubishi, kwa sababu pale Takyi alikuwa ametandika mabati ya zamani na mizizi haikupata pa kupitia. Alihesabu: themanini na minne. Iliyobaki, zaidi ya mia mbili, ilikuwa imeota kwenye kiwanja cha baba yake mdogo kana kwamba ndiyo shamba lenyewe.

Alikula vipande vitatu vya kiazi kikuu amesimama. Alianza kufagia, akaacha. Akachukua panga, akaliweka. Kila wingu lilipopita alitazama juu, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani aligeuka kutazama, ingawa ilikuwa Jumatatu tu.

Jumanne asubuhi aliamka na kulichukua panga tena, na safari hii hakuliweka. Alianza safu ya kwanza. Alikilaza kila kiriba, akakata mzizi sawasawa kwenye tundu, asiuchane, akapunguza majani kwa nusu kwa mkasi ili mti usipoteze maji, akaubeba hadi chini ya kivuli cha makuti na kuusimamisha juu ya mbao. Zile safu zilizonyooka zikaanza kuwa na mapengo, kisha zikawa si safu tena. Alipofika ya nne alikuwa analia, na mikono ilikuwa inaendelea na kazi kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mansah alikuja, akamtazama, akachukua mkasi wa pili.

"Mpumbavu wewe," alisema. "Shika huko, mimi nakata majani."

Mzee Gyabaah alifika Jumatano saa tatu, mwembamba, kofia ya majani, kando ya dereva wa trekta lenye tela tupu. Aliona themanini na minne imepangwa barabarani. Aliona mingine chini ya kivuli, imenyolewa majani.

"Ile imefanya nini?"

"Mzizi ulikuwa umetoka kwenye viriba, Mzee. Sikuihamisha. Kosa langu. Nimeikata jana. Hii ya barabarani ni salama, ichukue leo. Ile ukiipanda sasa itakufia. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu! Binti, mvua inakusubiri wewe?"

"Wiki tatu ni mwanzo wa Julai. Bado inabaki mvua ya kuishika kabla ya ukavu wa Agosti."

"Unanifundisha mvua? Mimi nimelima kabla mama yako hajaolewa!" Aliingia chini ya kivuli, akanyanyua mche mmoja, akautazama chini, akauona mkato. Akaunyanyua mwingine. "Kaka yako angenipa mia tatu yangu leo."

"Angekupa," Adoma alisema. 

Mzee alisonya. Alipakia themanini na minne, akamwambia dereva awashe, na alipokuwa juu ya tela alisema tu, "Huko mjini Techiman wapo wenye miche." Trekta likaondoka. Tela lilikuwa karibu tupu, linaruka kwenye kila shimo la barabara.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko miezi miwili ya ukame. Fundi wa matofali alikuja na futi, akapima kiwanja bila kumsalimu mtu. Baadhi ya miche iliangusha majani yote, ikabaki vijiti. Adoma alimwagilia vijiti pia. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, alikuwa chini ya kivuli akikwaruza gome kwa ukucha: kijani, kijani, kahawia. Ya kahawia aliitenga. Siku ya kumi na moja aliona kwenye ncha ya mche mmoja kitu chekundu, kidogo kama pua ya panya. Jani jipya. Kesho yake yalikuwa matano. Hakumwambia mtu, aliogopa kwamba akisema yatarudi ndani.

Siku ya ishirini Mzee Gyabaah aliingia kwa miguu, bila trekta.

"Techiman wamekwisha," alisema, akitazama pembeni. "Na waliobaki nao wana miche ya mbegu tu, haijabebeshwa. Nionyeshe."

Alipita mmoja mmoja, asiharakishe. Alibinya kiriba kuona kama udongo umeshikana, akavuta shina kidogo, akageuza chini kutafuta ncha nyeupe za mizizi mipya. "Huu ndio. Huu bado. Huu umekufa, unauwekea nini?" Adoma alimfuata nyuma akitenganisha. Walipomaliza, mia na kumi na tisa ilikuwa upande wa barabara.

"Trekta linakuja saa nane," Mzee alisema. Akasita. "Hiyo 'bado' unaihamisha sasa?"

"Kila Jumanne."

"Mm." Alivaa kofia yake. "Mwakani nina eka nyingine. Anza mapema."

Jioni tela lilipokwisha kuondoka, Mansah alileta sahani ya wali na maharage, akaiweka juu ya ukuta. "Njoo ukae sasa. Mzee amechukua, baba yako mdogo ameona kwa macho yake, fundi amerudisha futi lake mfukoni. Kaa!"

"Nakuja."

Hakuja. Alikuwa anatazama ardhi mahali zilipokuwa safu za Takyi: duara nyeusi nyingi za viriba, zimenyooka kwa kamba, na katikati ya kila moja tundu dogo. Mvua ilikuwa imeanza kuyajaza. Alisimama hapo kidogo tu. Kisha akaenda chini ya kivuli, akanyanyua kiriba cha kwanza cha ile iliyobaki, akakihamisha hatua moja.

"Adoma! Leo ni Jumatatu!"

"Najua," alisema, akashika cha pili.