Mahali Atakapotembelea Mgeni

Nanasi linakula. Wewe unalila mara moja tu, lenyewe linavila vidole vyako kutwa nzima, mpaka ngozi ya ncha inabanduka na kidole kinabaki chekundu kama ulimi. Sisi wanawake wa banda la kukatia tunajuana kwa mikono. Tukikutana sokoni hatupeani.

Maji tunayo ya pipa moja. Humo tunasuuza visu, humo tunanawa, humo tunasuuza vipande kabla ya kuvipanga kwenye trei za kukaushia. Ikifika saa sita maji yale yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na nzi wamejifia juu yake. Kipande kikianguka chini tunakifuta kwenye aproni, tunakirudisha. Kisha kinafungwa kwenye pakiti nzuri yenye picha ya jua, kinapelekwa ng'ambo. Mimi tunda lolote nimeshaacha kula.

Mwenye kampuni tunamwita Kijiti, maana kijiti cha meno hakimtoki mdomoni. Akitaka kukuonyesha kitu anakichomoa na kukuelekezea, kimelowa mate, halafu anakirudisha.

Asubuhi, kabla ya kushika kisu, mimi ndiye ninayefagia ofisi yake na kufuta vioo. Ndiyo maana nilikuwepo siku barua pepe ya mgeni ilipoingia. Mgeni ni yule mshirika wa ng'ambo anayenunua mananasi yetu. Dada karani aliisoma kwenye kompyuta akimtafsiria Kijiti.

"Anasema kwenye mzigo uliopita wateja wake walikuta unywele."

"Unywele tu? Watu wanakula mbwa huko."

"Anasema yuko tayari kusaini oda ya mwaka mzima, na kulipia bomba la maji na glavu kwa wakataji. Ila kwanza aje aone kwa macho yake chumba cha kukatia. Anaomba barua ya mwaliko, aipeleke ubalozini kuombea viza."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Bomba. Glavu. Nilitoka kama naenda kumwaga taka, nikawaambia wenzangu. Mama Kisu, mkubwa wetu, hakuinua hata kichwa.

"Huyo mgeni akifika hapa, mimi nitampa mkono," alisema. "Tena wa kulia."

Kila mtu alicheka. Tukangoja.

Kijiti alikaa na ile barua pepe bila kuijibu. Mgeni akaandika tena, kwa adabu, kwamba miadi yake ya ubalozini inakaribia na bila mwaliko hawatampokea. Kijiti akasema mtandao ulikuwa mbovu. Halafu asubuhi moja akaingia anacheka peke yake, akajitupa kitini.

"Karani! Andika mwaliko. Na wewe binti, endelea kufuta, hunisumbui."

Akaanza kutamka, dada karani akipiga chapa. Jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya pasipoti. Tarehe ya kuingia na ya kutoka. Dada karani akasita.

"Madhumuni niandike nini, bosi? Kuja kufanya kazi nasi?"

"Ukiandika kazi watamdai kibali cha kazi. Andika ziara ya kibiashara, kuona uzalishaji na kuzungumza mkataba. Nauli na hoteli anajilipia mwenyewe. Muda ukiisha atarudi kwao, kampuni inathibitisha." Alichomoa kijiti, akakitazama, akakirudisha. "Sasa, mahali atakapotembelea. Hapo andika anwani ya kiwanda cha shemeji."

Vidole vya dada karani vilisimama. Kiwanda cha shemeji yake kinafungasha maji ya chupa. Kina vigae ukutani, kina mabomba, kina watu wenye kofia nyeupe.

"Lakini bosi, kule hakuna mananasi."

"Yatakuwepo siku hiyo. Nitapeleka matatu, manne, na meza. Mgeni anapokewa uwanja wa ndege, anapelekwa kule, anapiga picha, anasaini, anarudi. Hapa atajuaje? Karatasi yetu ya barua ina sanduku la posta na simu tu."

"Na bomba alilosema atalipia?"

"Fedha si ataleta? Ikishafika ni yangu kujua inakwenda wapi."

Alicheka mpaka kijiti kikamdondoka juu ya meza, karibu na kikombe chake. Alikiokota, akakifuta kwenye suruali.

Halafu akatoka hadi bandani, mimi nikimfuata nyuma, akatupanga mstari.

"Onyesheni mikono. Nataka wawili wa kusimama mbele ya mgeni."

Alipita akitushika vidole mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, akiviminya na kuvigeuza. Kwa Mama Kisu aliguna. Mkono wangu aliuachia upesi, akajifuta kwenye shati. Yeye. Eti ananifuta mimi. Mwisho akachagua wasichana wawili walioanza kazi juzi, ambao nanasi lilikuwa bado halijawafikia.

"Wengine siku hiyo mtakaa nyumbani," alisema. "Na mdomo ukae nyumbani pia."

Tuliporudi ofisini, barua ilikuwa imeshatoka kwenye mashine. Aliisaini, akapiga mhuri, akapuliza wino ukauke, na harufu ya mdomo wake ikafika mpaka nilipokuwa.

"Ipige skani, umtumie sasa hivi. Na viambatanisho vyote wanavyotaka ubalozi, sitaki kusikia viza imekataliwa kwa uzembe wako. Kitambulisho changu. Leseni ya biashara, hiyo hapo ukutani. Binti, mteremshie."

Leseni ile naifahamu. Kila asubuhi nafuta kioo chake, maana nzi hupenda kunya juu yake. Niliiteremsha, nikafuta, na macho yakapita pale yanapopita kila siku: mahali pa biashara, mtaa wetu, namba ya kiwanja chetu.

Nilimpa dada karani. Naye aliangalia palepale. Akainua macho, akaniangalia mimi.

"Bosi," alisema, "niiambatanishe hivi ilivyo?"

"Wewe mwanamke una masikio ya nini? Nimesema vyote! Tuma!"

Akatuma.

Jibu halikuja upesi. Wale wasichana wawili waliambiwa wasiguse nanasi, kazi yao tukaigawana sisi. Siku jibu lilipoingia Kijiti alikuwa anakunywa chai, na dada karani alisoma taratibu, neno moja moja.

"'Ahsante kwa mwaliko. Viza nimepata. Ubalozini waliniuliza kwa nini barua ina anwani moja na leseni ina nyingine. Nimewaambia bila shaka mna sehemu mbili, nami nitaziona zote. Nitaanza na ile ya kwenye leseni. Msihangaike kunipokea, nitachukua teksi.'"

Chai ilimtoka Kijiti puani.

"Nani aliambatanisha leseni?"

"Ulisema vyote, bosi. Viza isije ikakataliwa kwa uzembe wangu."

Alitutukana wote wawili, mimi na dada karani, na koo zetu. Kisha akatoka mbio, na jioni akarudi na boksi la glavu, pipa jipya, na rangi nyeupe ya ukuta. Alitugawia glavu mwenyewe, akisisitiza zitarudishwa mgeni akiondoka. Aliponifikia alikaza kutazama pembeni.

"Vaa. Funika hayo mambo."

Mama Kisu alikuwa ameziweka zake juu ya meza, zimelala kama vyura waliokanyagwa. Nami nikaziweka zangu hapohapo.

"Vidole vikipona nitavaa, bosi," nilimwambia. "Kwa sasa vinauma."

Nikachukua nanasi jingine.