Siku Tatu Bila Titi

Siku ya tatu, matiti ya Mwila yalikuwa yamejaa hadi yamekuwa magumu kama mawe, na mtoto wake alikuwa akilia chumba cha pili kwa sauti iliyozidi kupungua. Huko kupungua ndiko kulikomtia wazimu. Kilio kikubwa mama anakizoea, lakini kilio kinachokwisha chenyewe, Mungu wangu, hicho nani atakizoea?

Na mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ulirudishwa tu, Mwila angeweza kuusukuma kwa kidole kimoja. Tusimwonee mtu: yeye mwenyewe ndiye aliyekubali. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Lubumbashi imepamba moto na vumbi la mtaa wa Annexe linaingia hadi kwenye sufuria, nusu ya mtaa inapenga makamasi kwa mafua, gripu kwa lugha ya huko. Mwila naye homa ikampanda ghafla, kichwa kinagonga, mifupa inauma, kikohozi hakimpi nafasi. Akiwa ananyonyesha, akamkoholea Doudou usoni. Mtoto wa miezi mitatu! Alishtuka hata akamtoa titi mdomoni, akamkabidhi kwa mama mkwe wake kwa mikono yake miwili.

Mama mkwe huyo, Mama Kyakimwa, alikuwa amekuja kutoka Butembo kumsaidia kulea. Kasereka, mwanawe, mume wa Mwila, alikuwa Pweto anatafuta samaki wakavu wa kuuza, na simu yake ilikuwa inapatikana pale ilipojisikia. Kwa hiyo nyumbani mwenye neno alikuwa Mama Kyakimwa peke yake, na neno lake lilikuwa moja.

"Titi, basi. Tangu leo, basi. Ugonjwa iko inapita mu maziba. Siyo bantu baliniambia, Mama Doudou. Niliona na macho yangu."

Kweli alikuwa ameona. Miaka ile Ebola ilipoingia Butembo, binti yake wa mwisho, Abigaëlle, aliugua akiwa na mtoto wa kunyonya. Madaktari, waganga kama wanavyowaita kwao, walikuja wamejifunika nguo za plastiki toka kichwa hadi miguu, wakasema maziwa yanabeba ugonjwa, mtoto atolewe kwenye titi upesi. Walichelewa. Ndivyo Mama Kyakimwa alivyosimulia kila mara: walichelewa. Makaburi mawili wiki moja, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuwagusa. Sasa Mwila, mtoto wa Lubumbashi aliyeisikia Ebola redioni tu, angemjibu nini mtu kama huyo? Na moyoni aliogopa kuliko huyo aliyemkataza.

Basi Doudou akapewa maziwa ya kopo kwa biberoni, chupa ya kunyonyeshea. Siku ya kwanza aliyatema, akapiga kelele hadi akawa mwekundu machoni. Siku ya pili njaa ikamshinda, akanywa, na yote yakatoka chini kama maji. Biberoni ile ilikuwa inakaa mezani tangu asubuhi hadi mchana, mabaki yanaongezwa maji ya moto kidogo, anapewa tena. Mama Kyakimwa hakuwa mzembe, msinielewe vibaya. Alikuwa anambeba mjukuu wake kutwa, anamwimbia Kinande, anampuliza usoni, analala naye kifua kwa kifua. Alikuwa anakohoa pia. Ukimwuliza anasema ni vumbi.

Mwila naye akawa anajifungia, anajikamua kwenye bakuli kwa maumivu, halafu anakwenda nyuma ya nyumba na kumwaga. Anamwaga akiangalia kushoto na kulia, kwa aibu, kana kwamba anatupa sumu. Na alipomsikia mtoto analia, maziwa yalijitiririkia yenyewe na kulowesha blauzi. Mwili ulikuwa haujaambiwa kwamba umekatazwa.

Siku hiyo ya tatu, kabla ya saa sita, kilio kilikatika. Mwila akasukuma mlango.

Doudou alikuwa mapajani mwa bibi yake, macho yameingia ndani, midomo imekauka, pua inatoka makamasi. Paji la uso lilikuwa la moto.

"Amekojoa?" Mwila aliuliza.

"Tangu asubuhi, hapana." Mama Kyakimwa hakuinua macho. "Unaona sasa? Imemufikia. Ile maziba ya mwisho uliyomupa, njo hii."

Nimemuua, Mwila alijisemea, nimemuua mtoto wangu kwa titi langu mwenyewe. Lakini mdomo wake ukasema kitu kingine, tena kwa ukali ambao hakuwahi kumtolea mkwe wake hata siku moja: "Mama, musimame. Twende ku santre. Sasa hivi!"

Mama Kyakimwa alisimama. Akamfunga mtoto mgongoni mwake mwenyewe, na Mwila akatembea nyuma, hatua tano, kitenge mdomoni, njia nzima. Mtu asiyewajua angesema yule wa nyuma ni mpita njia tu.

Kwenye kituo cha afya aliwapokea nesi mmoja mnene, mwepesi wa mikono, jina lake Marceline. Alimpa Mwila maski na nyingine akampa bibi, bila kuuliza nani anaumwa. Akampima Doudou homa, akamtoboa kidole kutazama malaria, ikawa hakuna. Akamminya ngozi ya tumbo, akaona inarudi polepole.

"Maji imemwisha mu mwili," alisema. "Anakunywa nini?"

Wakamweleza. Nesi Marceline alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo nyusi zake zilivyopanda.

"Siku tatu? Mama yake iko hapa, maziba inamwangika ku nguo, na mutoto anakauka? Kwa sababu ya gripu?"

"Maziba yake iko na ugonjwa," alisema Mama Kyakimwa.

"Nani alisema?"

"Banganga. Kwetu Butembo."

"Ya Ebola?"

Mama Kyakimwa aliitikia kwa kichwa. Nesi akashusha pumzi, na ile sauti ya kugomba ikamtoka.

"Mama, balikuambia kweli. Ebola inapita mu maziba, na mutoto banamutoa ku titi. Lakini hii haiko Ebola. Gripu haipite mu maziba. Inapita mu pumuzi, mu kukohoa, mu mate, mu mikono yenye ilipangusa pua." Akamgeukia Mwila. "We, mwili yako iko inapigana na ile gripu tangu siku tatu. Ile dawa mwili inatengeneza ya kuipiga, inaiweka mu maziba vilevile. Mutoto wa miezi mitatu hana bado nguvu ya kutengeneza yake vizuri. Haitamukinga yote, akipata gripu atapata, lakini itamusaidia. Nawa mikono, vaa maski, usimukoholee, munyonyeshe. Njo ile tu."

Mwila alimtazama. "Nilikuwa naimwanga," alisema. "Nesi, nilikuwa naimwanga nyuma ya nyumba."

"Basi, usimwange tena."

"Na hii gripu yake, ni mimi?"

"Nani anajua? Pengine ni we, kabla ya kugonjwa vizuri. Pengine..." Nesi hakumalizia, kwa sababu Mama Kyakimwa alikuwa amekaba kikohozi kooni muda mrefu mno na sasa kilimponyoka, kikamkunja hadi magotini. Doudou alikuwa bado mgongoni mwake. Wote watatu walikisikia kikohozi kile, na hakuna aliyekiita vumbi.

Mama Kyakimwa alifungua kitenge polepole. Lakini alipomshika mtoto mikononi, hakumtoa. Akamkumbatia, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Na kama munadanganyika?" alisema. "Banganga banadanganyikaka. Kama akinyonya na akufe?"

Hapo Mwila alilia. Alilia kwa hasira, maski yake ikilowa. "Anakufa sasa, Mama! Mumuangalie! Anakufa mu mikono yenu, na mimi niko na chakula yake hapa! Munipe mutoto yangu!"

Sijui ni neno gani lililomwingia. Mama Kyakimwa akamtoa.

Mwila akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Lakini titi lilikuwa gumu, chuchu imelala, na Doudou hakuweza kulishika. Alijaribu, akateleza, akajaribu, akaacha. Alikuwa amechoka mno hata kulia. Mwila alidhani wamechelewa. Nesi Marceline akaleta kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamwonyesha namna ya kukamua kidogo hadi titi lilainike, na yale aliyoyakamua akamnywesha mtoto kwa kijiko, kidogo kidogo, akipokezana na serumu ya kunywa ya pakiti, ile ya kurudisha maji mwilini. "Atabaki hapa na mie masaa ine," alisema. "Kama hanywe, ama analegea, tunamupeleka ku lopital kubwa. Hatungoje." Kisha akamgeukia bibi, kwa upole: "We, mama, kaa inje. Siyo malipizi. Unakohoa."

Mama Kyakimwa akatoka, akakaa kwenye benchi nyuma ya mlango.

Vijiko kumi. Ishirini. Mwila alikuwa hahesabu tena alipomweka Doudou tena kwenye titi, na safari hii mdomo ukafunguka, ukashika, na taya ndogo ikaanza kwenda. Uchungu ulimpanda hadi begani. Hakuwahi kufurahia uchungu namna ile maishani mwake.

"Ananyonya?" sauti iliuliza nje.

"Ananyonya, Mama."

Nesi alikuwa ameondoka kumwangalia mgonjwa mwingine. Kikohozi kilisikika, kikazibwa na kitambaa.

"Ananyonya bado?"

"Bado."

"Wa Abigaëlle vilevile alinyonya muzuri," ilisema sauti.

Mwila aliinua kichwa.

"Habakuchelewa. Nabadanganyaka bote, na Kasereka vilevile. Banganga balimutoa mutoto ku titi mapema, alikuwa bado muzima. Balienda kutafuta motokari. Akalia. Akalia sana, Mama Doudou, na Abigaëlle alikuwa hana nguvu ya kumubeba. Nikasema, hawa bantu ya plastiki banajua nini? Maziba ya mama itamufanya nini mutoto yake? Ni mimi nilimubeba. Ni mimi nilimuweka ku titi."

Mwila alitaka kusema halikuwa kosa lake. Neno lilifika hadi kwenye meno likakwama, kwa sababu huenda lilikuwa kosa lake kweli, na kwa sababu siku tatu zile bado zilimchoma kifuani. Alimtazama mwanawe. Jicho moja la Doudou lilikuwa limefunguka, linamtazama juu ya maski.

Nje, mwanamke mzima alikuwa analia na kukohoa kwa pamoja, kitambaa mdomoni, na hakuthubutu kugusa mlango.

"Mama," Mwila aliita. "Hii iko gripu tu."

Halafu, kwa sauti ndogo sana:

"Ananyonya bado?"

"Ananyonya, Mama. Muendelee kuuliza. Nitakuwa najibu."