Mwaka wa Karakana

Dada mtu alikuwa mwalimu wa uchumi katika shule ya sekondari, na katika yote aliyofundisha hakuna somo alilolipenda kama la gharama ya fursa. Siku ya somo hilo aliingia darasani na mbwembwe zake zote. Akiwauliza wanafunzi kipindi chake kinawagharimu nini, wajanja wakijibu ada, aliwacheka mpaka waone aibu, kisha akawaambia kinawagharimu ule usingizi ambao wangeulala. Sasa mdogo wake alikuwa amemwandikia kumwuliza swali la somo hilohilo, na yeye, mwalimu mzima, alikaa mezani kalamu mkononi kama mtu aliyeitwa kufanya mtihani wa mwingine.

Mdogo wake huyo walimwita Kwanini tangu alipojua kusema, kwa sababu hakuwahi kuambiwa jambo akalipokea hivihivi. Mama yao alifariki Kwanini akiwa bado anabebwa, kwa hiyo maswali yake yote yalimwangukia dada. Baada ya mitihani alikwenda kumsaidia mjomba dukani, mji wa mbali, na hukohuko matokeo yakamkuta. Alipata nafasi chuo kikuu, uhandisi, miaka minne. Na karakana ya majokofu ambako baba yao alikuwa fundi mkuu ilikuwa tayari kumwajiri aanze mara moja, chini ya baba mwenyewe. Aliomba ajibiwe kwa barua. Kwenye simu, alisema, dada huwa anashinda kwa kupandisha sauti.

Aliambatanisha hesabu yake. Upande wa chuo aliandika ada, chumba, chakula na pesa ambazo baba alikwisha kulipia masomo ya ziada. Upande wa kazi aliandika mshahara. Chini kabisa akauliza kama anaweza kufanya kazi mwaka mmoja kwanza, halafu ndiyo aende chuo, maana chuo kinaruhusu kuahirisha.

Hapo kwenye kuahirisha ndipo kalamu ya dada ilipogoma. Majuma machache nyuma yeye na baba walikuwa wamekaa mbele ya daktari, daktari akawaambia kwamba ini limekwisha haribika, na kwamba baba ana mwaka, ukizidi sana mwaka na kidogo. Baba alimshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia. Walipotoka nje alimshika binti yake mkono, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akamwambia Kwanini asijue.

Dada alibisha. Alibisha njia nzima na akaendelea kubisha nyumbani, siku baada ya siku, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Hata barua ile alipoianza aliandika kwanza habari za ugonjwa, kisha somo la gharama ya kile mtu anachokiacha, akampelekea baba karakana aisome, akitumaini kwamba akiyaona yamekaa kwenye karatasi atalainika. Alimkuta ameegemea jokofu la duka la nyama, ncha ya bisibisi imegusa kompresa, ile mota ya jokofu, na mpini wake uko sikioni. Ndivyo alivyozipima mashine. Vijana wa karakana walikuwa na vipimo vyao vya kisasa, lakini kabla ya kufungua chochote walimwita mzee asikilize kwanza.

Baba aliisoma barua akiwa amesimama. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na alipofika mwisho aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo asichokijua hakihesabu?"

"Hakihesabu, baba. Lakini anakilipa."

Mzee aliupangusa mpini wa bisibisi kwa shati. Kisha akamsimulia jambo ambalo binti yake alikuwa hajapata kulisikia. Yeye mwenyewe aliacha shule akiwa wa kwanza darasani kwa sababu baba yake alikuwa anakufa. Akarudi nyumbani, akashika bisibisi, na yule mgonjwa akapona, akaishi miaka na miaka, akala akashiba, akamzika hata daktari aliyemtabiria. Mzee alicheka aliposema hivyo, na dada naye akacheka kidogo bila kupenda.

"Nilimpenda baba yangu," mzee akasema. "Lakini kila nilipomwangalia niliona lile darasa. Sitaki mwanangu aniangalie hivyo. Ukimwambia, atanichagua mimi, na mimi sitaki kuchaguliwa. Niapie."

Dada aliapa. Kuapa huko ndiko kulikomtoa machozi, si kuandika. Baada ya kuapa aliketi akaiandika barua vizuri kuliko yoyote aliyowahi kuandika, kwa hasira, kama mtu anayepiga pasi nguo ambayo hataivaa.

"Mdogo wangu Kwanini," aliandika, "chakula kifute. Ukiwa chuoni utakula na ukiwa karakana utakula, tumbo lako nalijua. Weka ile nyongeza tu, kama cha huko ni ghali kuliko cha hapa. Chumba nacho kihesabu hivyohivyo. Pesa za masomo ya ziada zifute pia; zilikwisha toka, na hazirudi uchague hiki au kile. Halafu ongeza ulichokisahau upande wa chuo, tena ndicho kikubwa kuliko vyote: mshahara ambao karakana ingekulipa miaka hiyo minne. Hukuuona kwa sababu hautatoka mfukoni mwako. Lakini gharama ya jambo si pesa unayotoa tu, ni pamoja na kile ambacho ungekipata kama ungefanya lingine. Na ukichagua kazi, nayo ina gharama yake: ni chuo, na yote ambayo chuo kingekuletea baadaye."

Alimwonya asijumlishe njia zote atakazoziacha, maana mtu hawezi kuwa mahali pawili. Atazame ile moja iliyo bora kati ya hizo, basi. Hiyo ndiyo anayoilipa. Kisha akafika kwenye kuahirisha. Aliandika kwamba anayechelewa mwaka kuingia chuo anachelewa mwaka kutoka, kwa hiyo anapoteza mwaka mmoja wa mshahara wa mhandisi na kupata mwaka mmoja wa mshahara wa fundi anayejifunza, na kwamba tofauti hiyo si ndogo. "Kwa hayo uliyonieleza," aliandika, "mwaka wa karakana haukulipi."

Kila neno lilikuwa kweli. Aliirudia sentensi ile ya mwisho akijua kwamba imesimama juu ya maneno matatu tu, kwa hayo uliyonieleza, na kwamba Kwanini, anayeuliza kila kitu, hataliuliza hilo, kwa sababu anamwamini.

Na kweli hakuuliza. Alijibu kwamba ameelewa, kwamba hakuna mhadhiri atakayemfundisha vizuri namna hiyo, na kwamba anakwenda chuo. Njiani alipita nyumbani, akalala siku mbili. Alimwona baba amekonda akamtania. Baba akasema anapunguza kitambi kwa amri ya daktari, na Kwanini akaangua kicheko, akampigapiga mzee tumboni. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo. Aliosha sufuria moja mpaka mikono ikamuuma, wala hakugeuka. Asubuhi ya safari baba alimwambia kijana, kana kwamba ni jambo dogo tu, kwamba likizo akija atamfundisha kusikiliza kompresa, maana mashine ikiumwa inasema. Kwanini akajibu kwamba wana muda.

Likizo haikufika. Mzee alizidiwa muhula wa kwanza haujaisha, mapema kuliko hata mwaka wa daktari, na safari hii hakuna aliyeponea chupuchupu wa kuja kusimuliwa kwa kicheko. Siku za mwisho dada alimwomba amfungue kile kiapo, na mzee alitikisa kichwa kila alipoombwa. Alipopoteza fahamu ndipo dada akapiga simu. Kwanini alimkuta baba yake bado anapumua. Alimshika mkono, akamwita, hakuitikiwa, na kabla ya jioni yote yakawa yamekwisha.

Waliomboleza, watu wakaja na wakaondoka. Kwanini alikuwa anaongea na kila mtu isipokuwa dada yake. Siku watu walipokwisha alikwenda karakana kuchukua vitu vya mzee, na dada akamfuata nyuma bila kualikwa. Vijana wa kazi waliwapisha, wakatoka nje. Kwanini alisimama mbele ya benchi la baba yake, akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imechoka.

"Daktari alisema lini?" akauliza.

Dada akamwambia. Ilikuwa kabla ya barua. Akamweleza yote, kiapo, shule aliyoiacha mzee, babu aliyepona. Alisema haraka haraka, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na alipomaliza alikuwa analia.

Kwanini alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira usoni, na dada angetamani ingekuwepo, maana hasira ya mdogo wake alijua pa kuishika.

"Nimeirudia hesabu yako," Kwanini akasema. "Ni sahihi. Kwa niliyokueleza, ni sahihi kabisa. Nilipokwenda chuo, niliacha nini? Mwaka mmoja hapa, na baba. Hiyo ndiyo ilikuwa njia bora niliyoiacha. Nimeilipa yote, dada. Sikuambiwa bei tu."

"Baba alinikataza."

"Baba alikuwa mgonjwa. Wewe ulikuwa mwalimu wangu."

Moyo ulimpasuka dada, na hakuwa na wa kumshtakia, kwa kuwa aliyekuwa anampasua ndiye mtoto aliyemlea mwenyewe, na alikuwa na haki.

"Pengine ningekwenda chuo hata hivyo," Kwanini akaendelea, akiikunja barua. "Pengine baba angenifukuza niende, namjua. Au ningebaki nikamchukia kama alivyoogopa. Sasa hilo hatulijui, mimi wala wewe."

Aliirudisha barua mfukoni. Juu ya benchi bisibisi ilikuwa palepale mzee alipoiweka, na pembeni lilikuwapo jokofu la mteja ambalo hakuwahi kulimaliza. Kwanini alichomeka waya, mota ikaanza. Akaichukua bisibisi, akagusisha ncha kwenye kompresa na kuweka mpini sikioni, kichwa amekiinamisha upande uleule wa baba yake. Alisikiliza muda mrefu, akahamisha ncha, akasikiliza tena.

"Alikuwa anasikia nini?" akauliza.

Tangu Kwanini alipojua kusema, dada hakuwahi kukosa la kumjibu. Alisogea, akapokea bisibisi, akaweka sikio lake pale lilipotoka la mdogo wake. Akasikia ngurumo tu, ngurumo kama ya mashine yoyote. Akatikisa kichwa, akamrudishia. Jokofu liliendelea kunguruma, na hakuna kati yao aliyejua kama linaumwa au ni zima.