Asilimia Ishirini ya Nini

Jumamosi saluni ya shangazi huwa haina pa kuweka mguu. Wanaosukwa, wanaosubiri kusukwa, na wale ambao nywele zao hazina shida yoyote ila wamekuja kusikia nani kafanya nini. Shangazi, ambaye ndiye msusi, anapenda hivyo. Saluni ikiwa kimya, husema, mikono yake inakufa ganzi.

Siku hiyo alikuwa na kichwa cha mama mmoja muuza viatu mapajani, upande mmoja umeshasukwa na mwingine umesimama kama ufagio, mpwa wake alipoingia na karatasi ya jaribio imekunjwa mkononi. Msusi aliachiwa binti huyu na kaka yake tangu mdogo, na humo saluni wanamwita Profesa. Siku zote huingia akisalimia kiti kwa kiti. Leo alipita moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya maji na kukaa juu yake.

"Umekuwa wa ngapi?" shangazi aliuliza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kituo cha masomo ya ziada kilikuwa kimeahidi kuwalipia ada ya mtihani wa kuingia shule ya bweni watoto kumi watakaoongoza jaribio. Ada yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kodi ya saluni, na msusi alikuwa ameshaiambia nafsi yake ukweli: Profesa asipokuwa kwenye kumi, hafanyi mtihani.

"Wa kumi na moja. Nimekosa kwa alama moja."

"Wa kumi ni kijana wangu," alisema muuza viatu kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutofurahi.

"Lakini swali la kumi na tisa nimepata, shangazi. Mwalimu amenikosesha."

Akasoma. Mfanyabiashara aliuza redio mbili, kila moja kwa elfu kumi na mbili. Ya kwanza alipata faida ya asilimia ishirini, ya pili akapata hasara ya asilimia ishirini. Je, kwa jumla alipata faida au hasara?

"Si zinafutana?" alisema muuza viatu. "Ishirini kaingiza, ishirini katoa. Karudi alikotoka."

"Ndivyo karatasi ya majibu ilivyosema. Hakuna faida wala hasara. Darasa zima wameandika hivyo, kwa sababu mwalimu alitufundisha hivyo."

"Wewe umeandika nini?"

"Hasara ya asilimia nne."

Saluni ikacheka kidogo, kwa upendo. Profesa hakucheka. Alichukua wanja wa nyusi pale mezani akaanza kuandika kwenye kioo kikubwa, kati ya uso wa mteja mmoja na wa mwingine.

"Faida inahesabiwa kwenye bei ya kununulia. Redio ya kwanza, hiyo elfu kumi na mbili ni asilimia mia na ishirini ya alichonunulia. Kwa hiyo aliinunua elfu kumi. Faida, elfu mbili. Ya pili, elfu kumi na mbili ni asilimia themanini tu. Aliinunua elfu kumi na tano. Hasara, elfu tatu. Zote alinunua elfu ishirini na tano, kauza elfu ishirini na nne. Elfu moja imepotea. Elfu moja katika elfu ishirini na tano ni asilimia nne."

Mkono wa msusi ulisimama katikati ya msuko.

"Ishirini si ishirini?" aliuliza polepole.

"Inategemea ni ishirini ya nini, shangazi. Ni kama ile riba inayozaa riba. Umekopa elfu kumi kwa asilimia kumi kwa mwaka. Kwa riba ya kawaida, miaka miwili unadaiwa riba ya elfu mbili, basi. Lakini riba ikizaa riba, mwaka wa pili ile kumi haihesabiwi tena kwenye elfu kumi, inahesabiwa kwenye elfu kumi na moja. Unadaiwa elfu mbili na mia moja. Asilimia ileile, ila ya kitu kikubwa zaidi. Swali la riba alinipa vema. Hili ni ndugu yake, kanipa kosa."

Msusi alifunga nywele za muuza viatu kwa kibanio. "Inuka, shoga, twende kwa mwalimu."

"Nitoke hivi? Nusu?"

"Utajifunga kitambaa. Mwanao ndiye wa kumi, sitaki baadaye useme nilipita nyuma yako."

Walimkuta mwalimu ofisini, anapanga mafungu ya karatasi za mazoezi za kuuzwa madukani, zenye maswali yaleyale ya jaribio. Watoto wanamwita Bwana Majibu, kwa kuwa hasahihishi bila karatasi ya majibu kidoleni. Alisikiliza akitabasamu. Profesa alipofika kwenye elfu kumi na tano, tabasamu likaanza kulegea. Alichukua kalamu akapiga mwenyewe, kisha akarudia. Akaiweka kalamu chini.

"Sawa," alisema. "Binti ana akili. Lakini mama, karatasi zimeshachapwa. Orodha imeshabandikwa. Nikibadilisha swali moja, darasa zima litapoteza alama, na wazazi wao wanalipa kila mwezi. Huyu wako anasoma kwa nusu ada. Nielewe."

Damu ilimpanda msusi hadi masikioni. "Nikuelewe nini, mwalimu? Kwamba kapata, unajua kapata, na utamwacha nje kwa sababu kosa lako limeshapigwa chapa?"

"Nitampa alama moja ya juhudi. Atafungana na wa kumi, tutapiga kura ya bahati."

"Juhudi gani?" alisema Profesa. Hakushusha macho. "Sikujitahidi. Nilipata."

Muuza viatu alikuwa ameegemea mlango, kilemba kimepinda, nywele za nusu ya pili zinachungulia. Sasa aliuliza, taratibu kabisa, "Mwalimu, mtihani wenyewe nani anausahihisha? Wewe?"

"Hapana. Baraza la shule."

"Na likija swali la namna hii, mwanangu ataandika zinafutana."

Bwana Majibu alianza kupanga upya mafungu yake.

"Nakulipa ada kamili," alisema muuza viatu, "umfundishe mwanangu kukosa. Halafu unampa vema ili nisijue. Mimi nauza viatu, baba. Nikimuuzia mtu jozi yenye mguu wa kushoto mara mbili, hurudi nayo dukani, na hurudi na watu."

Mwalimu alitazama dirishani, akaona kweli nusu ya saluni imekuja nyuma yao. Alivuta orodha. Waliojibu *zinafutana* wakapungua alama moja moja. Profesa akaongezewa moja. Jina lake likapanda hadi la kumi. La kijana wa muuza viatu likashuka chini yake.

Hakuomba radhi. Na zile karatasi hakuzizuia. "Hasara ya kuchapa upya nani ataibeba?" alisema, na Jumatatu zilikuwa madukani na swali lilelile, na jibu lilelile.

Waliporudi saluni, muuza viatu alikaa kitini mzito. "Ada ya mwanangu nitalipa mimi," alisema kwenye kioo. "Nitabana. Ila maliza kichwa, na usinizungumzishe leo."

Msusi alimaliza upande wa pili. Mteja aliyefuata alinyanyua kitambaa afute maandishi ya wanja ili ajione vizuri.

"Acha," alisema msusi. "Hapo hapafutwi."

Hapajafutwa hadi leo. Kila mama mwenye mtoto wa mtihani hujiangalia uso wake umekaa kati ya elfu kumi na elfu kumi na tano, na haondoki bila kuelezwa. Wiki iliyopita aliingia mke wa Bwana Majibu, kuosha na kusuka. Msusi alimkaribisha kwa heshima zote, akamtandikia taulo shingoni, na kiti akakigeuza sawasawa na kioo.