Mama Asiye na Mikono

"Mwalimu, huyu mama hana mikono."

Mhariri alivua miwani na kuusukuma mswada katikati ya meza. Mwandishi alidhani anataniwa. Amefundisha watoto insha mpaka akastaafu, na leo binti wa rika la mwanawe anamsomesha yeye! Subira huvuta heri, alijiambia, lakini roho ilimuuma. Mama wa kwenye riwaya alikuwa marehemu mkewe, na mkewe alikuwa na mikono yake miwili kamili.

"Tazama hapa." Mhariri alipitisha kalamu chini ya mistari. "'Alisema kwa upole.' Hapa tena, 'alisema kwa upole sana.' Baba naye, 'alisema kwa haraka.' Sura nzima wanasema tu. Mama amebaki sauti inayoelea jikoni kama mzimu."

"Basi nitabadilisha. Nitaweka alinena, alitamka, alighani..."

"Usinighanie, Mwalimu." Mhariri alicheka, akamsogezea kikombe cha chai. "Hizo ni 'alisema' zilizoazima nguo. 'Alisema' mojamoja haina ubaya, msomaji huipita bila kuiona. Ubaya ni rundo. Mpe mama kitu cha kufanya, na ukiweke aya moja na maneno yake. Hapo tutamjua hata usipomtaja mara mbili. Baba akijibu, aya mpya. Na hii 'kwa upole' ifute. Kama ni mpole, tutajionea."

Mwandishi alirudi nyumbani akinung'unika, akakaa kwenye meza ya jikoni. Akaandika kwamba mama alitabasamu. Akaandika kwamba alishusha pumzi, kisha akatikisa kichwa. Aliposoma, akaona mwanamke yeyote, hata jirani wa ng'ambo, angeweza kuwa huyo.

Hapo ndipo hofu ilipomshika. Tangu mazishi, sauti ya mkewe haikuwa imeondoka nyumbani. Akifungua bomba aliisikia, akizima taa aliisikia ikimuuliza kama amefunga mlango. Lakini alipoitafuta mikono yake, hakuona kitu. Kama hakumbuki mikono, basi kesho itakuwa uso, na kesho kutwa hata sauti itamtoroka. Alijua fika kwamba anampoteza mara ya pili, na safari hii hakuna wa kuja kumpa pole.

Akamwita binti yake kutoka chumbani.

"Mwanangu, nisomee maneno ya mama yako. Mimi nitasoma ya baba."

Ilikuwa sura ya mwisho, asubuhi ile mwandishi aliposafiri kwenda kwenye semina ya walimu. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani na viti vimepangwa. Maneno ya asubuhi hiyo aliyaandika kama alivyoyasikia, hakuongeza wala hakupunguza.

Binti alisoma mistari michache, akasita. "Baba, mbona Mama anakatakata hivi? Mama akianza kuongea si mpaka umwombe radhi ndiyo anyamaze?"

"Ndivyo alivyosema siku hiyo."

"Alikuwa amesimama wapi?"

Mwandishi alielekeza kidevu kwenye karo la vyombo. Binti akaenda na karatasi yake, akampa baba yake mgongo. Karatasi akaiegemeza kwenye bomba, na ili aione vizuri akainama, akashika ukingo wa karo kwa mikono yote miwili.

"Nenda tu. Nitapumzika. Kidogo."

Mwandishi aliinua macho. Aliuona mgongo ule. Aliviona vifundo vya vidole vilivyokaza mpaka vikapauka, na mabega yakipanda na kushuka. Mkewe siku ile hakuwa akiongea kwa upole. Pumzi ilikuwa imemwishia, na alikuwa ameshikilia karo asianguke. Naye, mumewe, miaka yote aliuita upole, akaupenda, akauandika ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba?" Binti aligeuka. "Vipi, nimekosea?"

"Hapana. Rudi ukae, mwanangu."

Akafuta "alisema kwa upole", akaandika polepole:

"Nenda tu." Mama alishika ukingo wa karo kwa mikono yote miwili. Hakugeuka. "Nitapumzika. Kidogo."

Binti alisoma juu ya bega lake. Akasoma tena. Akajifunika mdomo.

Kisha akavuta kiti. "Na Baba je? Alikuwa anafanya nini?"

Mwandishi alianza aya mpya, kama alivyofundishwa. Alitamani ampe baba huyo kazi nyingine yoyote: amguse bega, amletee maji, amwangalie tu. Kalamu ilikataa. Akaandika alichokuwa akifanya.

Baba aliinama kufunga kamba za viatu. "Tutaongea nikirudi."